Shajara ya mradi: taa tisa, vyombo sita

26 Juni 2025

Nimerudi kutoka Kilwa Kivinje jana jioni, nikiwa na usiku tatu za kurekodi wavuvi wa dagaa kwenye giza la mwezi. Kabla sijaondoka nilimwonyesha nahodha kipande kimoja kwenye simu, kile cha vyombo vikiwa vimetawanyika baharini na taa zao. Aliangalia kimya, kisha akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Mwanangu, usiku ule tulitoka vyombo sita. Hapa naona taa tisa."

Nikamwambia labda ni nyota karibu na upeo. Akatikisa kichwa. "Nyota mimi nazijua. Hii hapa haichezi. Ipo juu ya maji na haichezi."

Nilipofungua faili kwenye skrini kubwa leo nikaona alichokiona. Taa ya chombo hupanda na kushuka na wimbi, ikafifia kidogo chombo kikigeuka. Lakini kuna nukta mbili, moja nyekundu na moja nyeupe iliyoelekea kijani, zimeganda palepale tangu mwanzo wa kipande hadi mwisho. Hizo ni pikseli moto. Na nilipoanza kuzitafuta juu angani nikaacha kuhesabu.

Ya tisa sijaijua bado. Ni hafifu sana.

27 Juni

Leo nimegawa kazi. Nina vitu vitatu vichafu, na kila kimoja kina asili yake.

Cha kwanza ni video za usiku, vipande kumi na moja, vyote kwa ISO 12800, fremu 25 kwa sekunde, lenzi ya milimita 24 ikiwa wazi kwenye f/2. Hizi zimejaa pikseli moto.

Cha pili ni taimlapsi ya alfajiri: picha 600 za RAW, yaani data ya sensa kabla haijachakatwa, kila moja imefunguliwa sekunde 10, moja kila baada ya sekunde 12, kuanzia saa tisa usiku hadi saa kumi na moja. Kilimia kinachomoza humo kama saa kumi. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyochafuka kuliko zote.

Cha tatu ni kipande cha machweo, kamera ikizunguka polepole kutoka bahari hadi mikoko. Hapa hakuna pikseli moto hata moja inayoonekana, ila kuna madoa matatu ya kijivu yanayosafiri na fremu kama inzi waliokwama kwenye kioo. Hilo ni vumbi.

Watu huviweka vyote kwenye kapu moja la "madoa ya sensa" (ya kamera, si ile ya watu na makazi), na hapo ndipo wanapochagua dawa isiyo yake. Pikseli moto ni kijicho kimoja cha sensa kinachovuja umeme hata kama hakuna mwanga. Kadiri sensa inavyopata joto, ndivyo kinavyovuja zaidi. Mvujo huo huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi sita au saba hivi. Vumbi kwa upande wake haliongezi chochote. Ni kivuli tu cha chembe iliyokaa juu ya kioo kilicho mbele ya sensa. Kwa hiyo kimoja kinaongeza mwanga usiokuwepo, kingine kinapunguza mwanga uliokuwepo. Kinachofanana ni kwamba vyote viwili vimeshikamana na kamera, wala si na dunia iliyo mbele yake.

29 Juni

Nimepoteza siku nzima kwa uvivu wangu. Nilianza na taimlapsi, nikawasha kichujio cha kujitafutia pikseli moto ndani ya programu ya RawTherapee bila kuipa kitu kingine, nikaacha mashine ifanye picha 600 usiku kucha. Asubuhi anga lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Safi mno. Kilimia kilikuwa na nyota tatu.

Kichujio cha namna hiyo hutazama kila pikseli na jirani zake. Ikiona moja inang'aa kuliko majirani kwa kiasi fulani, inaifuta. Pikseli moto ni hivyo hasa, lakini nyota ndogo nayo ni hivyohivyo. Nilipiga hesabu: kwenye kamera yangu yenye pikseli 6000 kwa upana na lenzi ya milimita 24, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga huhama pikseli moja kila sekunde tatu na nusu. Kwa sekunde 10 inachora kimstari cha pikseli tatu tu, na nyota hafifu inayoangukia humo haionekani tofauti na hitilafu. Kupunguza ukali wa kichujio kulirudisha nyota na pikseli moto pamoja.

Kwa picha moja pekee hakuna njia ya kujua kwa uhakika. Lakini mimi sina picha moja, ninazo 600. Nikazipanga zote juu ya nyingine kwa mtindo wa Lighten, ule unaobakiza pikseli angavu zaidi kutoka kila picha. Nyota zote zikawa mistari inayopanda kutoka baharini. Taa za wavuvi zikawa vitu kama mwandiko wa daktari. Na pikseli moto zikabaki nukta. Nikaona pia kwamba Kilimia kinapita juu ya nukta kumi na mbili kikipanda.

1 Julai

Nimeanza na video za usiku kwa sababu ni rahisi kurudia hali yake nyumbani. Wazo ni hili: badala ya kuiambia programu itafute nukta angavu kwenye picha yenye nyota na taa, niirekodie giza tupu. Funika lenzi, tumia mipangilio ileile, na chochote kitakachong'aa humo hakiwezi kuwa taa wala nyota. Ukishapata orodha hiyo ndiyo unayoifuta, basi.

Nikafunika lenzi, nikarekodi sekunde 20, nikatengeneza ramani. Nukta 31. Nikaipaka juu ya kipande cha nne, kile cha nahodha. Ile nyekundu ikatoweka. Ile ya kijani ikabaki, pamoja na nyingine nyingi angani.

Ilinichukua kikombe kizima cha kahawa kugundua kosa. Kamera ilikuwa imetoka kabatini, baridi. Kule Kivinje ilikuwa imerekodi karibu nusu saa mfululizo kabla ya kipande kile, na mgongo wake ulikuwa wa moto mkononi.

2 Julai

Leo nimeirekodisha kamera dakika 25 kwanza, ikitazama ukuta, ndipo nikafunika lenzi bila kuizima na kurekodi sekunde 20 za giza. Ramani imetoka na nukta 212. Tofauti yote hiyo ni joto.

Naweka hapa amri ya ffmpeg niliyotumia, ili nisiitafute tena mwakani:

```
ffmpeg -ss 5 -i kifuniko.mov -vf "tmix=frames=100,select='eq(n,99)',format=gbrp,lutrgb=r='if(gt(val,25),255,0)':g='if(gt(val,25),255,0)':b='if(gt(val,25),255,0)',format=gray,lut=c0='if(gt(val,10),255,0)',dilation" -frames:v 1 ramani.png
```

Inachukua wastani wa fremu 100. Chenga za kawaida za ISO ya juu hucheza kila fremu, kwa hiyo wastani unazilainisha zikazama gizani, na kinachobaki juu ni kile kisichobadilika. Halafu kila rangi inapimwa peke yake dhidi ya kizingiti cha 25. Mwanzo nilikuwa nimepima mwangaza wa jumla, nikawa nakosa pikseli za bluu karibu zote, kwa kuwa bluu inachangia sehemu ndogo sana ya mwangaza unaohesabiwa. Unaweza kuwa na nukta ya bluu inayokukera machoni na mashine ikaiona kama giza. Mwisho, `dilation` inanenepesha kila nukta kwa pikseli moja kila upande, maana kamera ikishabana video, rangi ya pikseli moja humwagikia jirani zake.

Kizingiti cha 25 ni cha kamera yangu na video ya rangi za kawaida. Ungekuwa umerekodi kwa logi, ule mtindo wa rangi zilizofifishwa ili zirekebishwe baadaye, weusi wenyewe unakuwa umeinuliwa juu, na ramani ingeweza kutoka nyeupe yote.

Kisha kufuta:

```
ffmpeg -i usiku_04.mov -vf "removelogo=ramani.png" -c:v libx264 -crf 12 -pix_fmt yuv420p -c:a copy usiku_04_safi.mov
```

Kichujio hiki kilitengenezwa kufuta nembo za televisheni. Kinachukua ramani nyeusi yenye alama nyeupe, na kila palipo peupe kinajaza kwa wastani wa pikseli za pembeni. Ramani lazima iwe na ukubwa uleule wa video. Ubaya wake ni kwamba kinafanya kazi kwenye biti 8 tu, hivyo kama una biti 10 utazipoteza. Kwa video za ISO 12800, ambazo chenga zake zinaficha mipaka ya rangi, nimekubali hasara hiyo. Kwa machweo nisingekubali.

Vipande kumi kati ya kumi na moja vimesafika. Cha kumi na moja nilikipiga nikiwa nimewasha utulizaji wa kidijiti, ule unaosogeza fremu ndani ya picha ili kupunguza mtikisiko. Humo pikseli moto zinatembea, kwa kuwa kamera imeisogeza picha nzima pamoja na uchafu wake kabla ya kuihifadhi. Ramani haiwezi kuzikamata. Nimekitupa, na hakikuwa kizuri hivyo.

Jambo hilohilo ndilo linalofanya usafi uwe wa kwanza kabisa kwenye meza ya kuediti. Ukishatuliza, ukakata pembe au ukavuta karibu, nukta zimehama kutoka kwenye anwani zake.

5 Julai

Siku ya ukaguzi. Ninaweka video iliyosafishwa juu ya ile ya asili kwenye mtindo wa Difference, halafu napandisha mwangaza hadi mwisho. Kinachoonekana ni kile tu kilichobadilishwa: nukta 212, na ukungu mwepesi wa chenga uliotokana na kubana upya. Kama taa ya chombo ingejitokeza humo, ningejua nimeigusa.

Moja ilijitokeza. Kipande cha saba, dakika ya pili, taa ya chombo kimoja inazimika kwa muda mfupi kisha inawaka tena. Nikadhani ni wimbi. Nilipokuza nikakuta pikseli moto tatu zimekaa karibukaribu, ramani imeziunganisha kuwa bonge moja, na taa ilipopita juu ya bonge hilo programu iliijaza kwa weusi wa pembeni. Yaani kwa karibu nusu sekunde nilikuwa nimemzimia mvuvi taa yake.

Dawa yake: nimefungua ramani kwenye GIMP, nikalipaka bonge hilo rangi nyeusi, nikahifadhi kama ramani ya pili kwa ajili ya sekunde hizo tu. Taa yenyewe inafunika pikseli moto ikipita, kwa hiyo hakuna anayeziona.

Ile taa ya tisa bado ipo kwenye kipande cha nne. Haimo kwenye ramani.

8 Julai

Narudi kwenye taimlapsi. Hapa ninazo RAW, na hiyo ni neema kubwa, kwa sababu kwenye RAW pikseli moto ni pikseli moja kweli. Kila pikseli ya sensa huona rangi moja tu, nyekundu au kijani au bluu, na programu ndiyo inayokisia rangi mbili zilizobaki kutoka kwa jirani. Ukiacha pikseli mbovu hadi hatua hiyo ipite, ubaya wake unagawiwa kwa jirani na unapata kimsalaba cha rangi. Ukiizuia kabla, hakuna kinachomwagika.

Kosa langu la Kivinje ni kwamba sikupiga picha za giza palepale nilipomaliza, nikihofia betri. Kwa hiyo juzi usiku nimeiweka kamera barazani, nikaiacha ipige mfululizo saa nzima ili ifike kwenye joto lake, ndipo nikafunika lenzi na kupiga 20: sekunde 10, ISO 3200, muachano uleule wa sekunde 12. Muachano nao ni muhimu. Sensa inayopumzika sekunde mbili kati ya picha haina joto sawa na inayopumzika dakika.

Kwenye RawTherapee nimezielekeza kwenye sehemu ya Dark-Frame, na kile kichujio cha kujitafutia nimekizima kabisa. Programu inachukua wastani wa picha hizo 20, inautoa kwenye kila picha, na inazitumia pia kujua pikseli zipi ni moto. Kutoa peke yake hakutoshi. Pikseli iliyovuja kidogo ukiitolea mvujo wake inabaki na habari ya kweli, lakini iliyojaa pomoni haina kitu ndani. Ukitoa, unabaki na shimo jeusi mahali palipokuwa na nukta nyeupe, na shimo jeusi kwenye Kilimia ni baya kuliko nukta. Hizo lazima zijazwe kutoka kwa jirani.

Matokeo: nimezipanga tena 600 kwa Lighten. Mistari ya nyota imekamilika, nukta zimebaki chache sana, kama tisa, hafifu. Kilimia kina nyota zake sita ninazoziona kwa macho na nyingine ndogo nisizoziona. Nukta tisa nimezifuta kwa mkono, maana zimekaa palepale kwenye picha zote, na kiraka kimoja kinatosha kwa zote.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuwasha ile huduma ya kamera yenyewe ya kupunguza chenga kwenye picha za muda mrefu. Inafanya kazi vizuri, ila inapiga picha ya giza ya muda uleule baada ya kila picha. Sekunde 10 zinakuwa 20, na nyota badala ya kutiririka zinaruka.

12 Julai

Vumbi sasa. Kwanza niliangalia kwa nini machweo yana madoa na usiku hauna, ilhali kamera ni ileile na siku ni ileile. Usiku nilikuwa kwenye f/2, machweo kwenye f/16, kwa kuwa nilisahau filta ya kupunguza mwanga hotelini na njia pekee niliyobaki nayo ilikuwa kubana tundu la lenzi. Tundu likiwa kubwa, mwanga unaifikia chembe kutoka pande nyingi na kivuli chake kinasambaa hadi kupotea. Tundu likiwa dogo, mwanga unakuja kama kutoka kwenye tochi moja ya mbali, na kivuli kinakaza. Vumbi lilikuwepo usiku kucha. Sikuliona tu.

Nilijaribu kiraka cha kawaida, kunakili kipande cha anga kutoka pembeni. Juu ya anga tupu kinafanya kazi. Kamera ilipofika kwenye mikoko, doa la chini likapita juu ya matawi na kiraka kikawa kinanakili jani lisilokuwepo. Na ndege mmoja alipoteza kichwa.

Nikakumbuka kwamba doa la vumbi si shimo. Picha ya kweli ipo chini yake, imefifia tu. Doa langu kubwa linapunguza mwanga kidogo, si zaidi ya sehemu moja ya kumi katikati. Kinachohitajika ni kurudisha mwanga huo na kuiacha picha kama ilivyo. Kwenye DaVinci Resolve nimeweka nodi ya kwanza kabisa, nikachora duara juu ya doa na kingo laini sana, nikapandisha Offset kidogokidogo hadi doa likatoweka. Natumia Offset, si Gain, kwa sababu kipande hiki ni cha logi na bado hakijabadilishwa rangi. Kwenye logi, kupunguza mwanga kwa uwiano kunageuka kuwa kutoa kiasi kilekile kila mahali, iwe anga angavu au mkoko uliotiwa kivuli. Kwa hiyo thamani moja imetosha kwa sekunde zote 40, ingawa jua lilikuwa linazama.

Ndege amerudishiwa kichwa. Doa la tatu, dogo na jeusi katikati, halikubali kabisa. Ukilipandisha linaacha pete. Hilo nimelikatia kiraka, na kwa bahati linapita juu ya anga tu.

14 Julai

Nimesafisha sensa yenyewe. Nimepiga picha ya ukuta mweupe kwenye f/16, ISO 100, lenzi ikiwa nje ya fokasi na mkono ukitikisika makusudi, ili ukuta wenyewe usiwe na alama na kibaki kivuli cha vumbi pekee. Madoa yakawa saba, si matatu.

Unapoyatafuta kwenye sensa kumbuka picha iko juu chini: doa lililo juu kushoto kwenye picha, ukiitazama sensa kwa mbele, lipo chini kushoto. Pampu ya mpira ya kupulizia, kamera ikitazama chini, imeondoa matano. Mawili ya chumvichumvi hayakutoka, na hayo nimeyapangusa kwa kipangusio cha upana wa sensa kilichotiwa matone mawili ya kimiminika chake, mpito mmoja kwenda, mmoja kurudi kwa upande wa pili, basi. Kopo la hewa iliyobanwa siligusi hata kwa bunduki. Likiinama linatema kimiminika na sensa inabaki na ramani ya Afrika.

25 Julai

Giza limerudi, na mimi nimerudi Kivinje. Jana usiku nilirekodi vipande vinne na baada ya kila kimoja nilifunika lenzi na kuhesabu sekunde 20 kabla ya kuzima. Vijana wa chombo wameanza kunitania kwamba nawapigia picha samaki wa gizani.

Asubuhi nimemwonyesha nahodha kipande cha nne kilichosafishwa, kwenye kompyuta safari hii. Akahesabu tena kwa kidole, polepole.

"Saba."

Nikamwambia ile ya saba imenisumbua mwezi mzima. Haimo kwenye ramani ya giza, na nikiikuza naiona inapanda na kushuka, pikseli mbili au tatu hivi.

Akasogea karibu na skrini. "Hiyo haikutoka hapa. Huyo ni wa Songosongo."

Nimeiacha.